Kugeuza ankara isiyolipwa kuwa pesa mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu faktaringi na diskaunti ya ankara

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhakiki ankara ambazo wasambazaji wadogo walileta wakitaka pesa kabla mnunuzi hajalipa. Maswali haya ndiyo niliyoulizwa karibu kila siku. Hesabu nimeziacha bila jina la sarafu, weka yako.

Faktaringi na diskaunti ya ankara ni kitu kimoja?

Ni ndugu, ila hawafanani. Katika faktaringi unauza deni lenyewe. Umepeleka mzigo, umeandika ankara, mnunuzi ana siku 60 za kulipa. Kampuni ya faktaringi inalichukua deni hilo, inakupa sehemu kubwa ya pesa sasa, na mnunuzi anapewa notisi kwamba tangu leo atalipa kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Kufuatilia malipo kunakuwa kazi yao.

Katika diskaunti ya ankara unakopa kwa kutegemea ankara zako, lakini daftari la wadaiwa linabaki mkononi mwako. Unawafuatilia wanunuzi mwenyewe kama kawaida, na mara nyingi hawajui kwamba kuna mtu wa tatu. Wanapolipa, pesa huingia kwenye akaunti yenye jina la biashara yako ambayo aliyekukopesha ndiye anayeidhibiti.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini msambazaji mdogo akiomba diskaunti hujibiwa faktaringi. Anayekuachia ukusanye mwenyewe anaviamini vitabu vyako vya hesabu: kwamba ankara zote ni za kweli, kwamba malipo yakiingia utayaripoti, na kwamba mkaguzi wake akija bila taarifa atakuta daftari limenyooka. Biashara ya watu watano isiyo na mhasibu wa kudumu ni nadra kufikia hapo mwanzoni. Usilichukue jibu hilo kama dharau. Wengi huanza na faktaringi, wakapata diskaunti baada ya mwaka au miwili ya kumbukumbu safi.

Mbona wanamchunguza mnunuzi wangu kuliko wanavyonichunguza mimi?

Kwa sababu atakayelipa ni yeye. Benki inayokupa mkopo wa kawaida inaangalia nyumba, gari au mashine yako. Hapa dhamana ni ahadi ya mnunuzi kwamba anadaiwa na atalipa. Ndiyo maana kibiashara kidogo kisicho na kiwanja kinaweza kupata pesa ikiwa mnunuzi wake ni kampuni imara yenye historia ya kulipa.

Lakini shika neno moja hapa, kwani majibu mengine yote yanatoka kwalo. Ankara ni karatasi uliyoiandika wewe. Inasema unavyodai wewe, haisemi mnunuzi amekubali. Kinachouzika ni deni ambalo mnunuzi amelikubali. Kabla ya kukubaliwa, unachotaka kuuza ni dai tu, na dai linaweza kupingwa.

Basi nitajuaje kwamba mnunuzi amelikubali deni?

Tazama hati ya kupokea mzigo kabla ya kuitazama ankara. Nilipokuwa nahakiki, niliigeuza karatasi hiyo na kutafuta vitu vitatu: nani kasaini, ana cheo gani, na muhuri unasema nini. Mara nyingi niliona saini ya mlinzi wa getini. Mlinzi anathibitisha kwamba gari lilipita, basi. Mara nyingine saini ilikuwa ya mtunza stoo kweli, lakini muhuri uliandikwa kwa herufi ndogo: "Imepokelewa, haijakaguliwa." Maneno hayo yanamwachia mnunuzi haki ya kurudisha mzigo baadaye, na msambazaji aliyeniletea karatasi hiyo kwa kawaida hakuwa amewahi kuyasoma.

Ukitaka ankara yako ikubalike bila kusumbuana, iwe na oda ya ununuzi yenye namba, hati ya kupokea iliyosainiwa na mtu wa stoo baada ya kuhesabu na kukagua, na barua pepe au taarifa ya mfumo kutoka kwa wahasibu wa mnunuzi ikisema ankara namba fulani imeidhinishwa kulipwa tarehe fulani. Hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko nyingine zote. Namba ya oda na kiasi vifanane kwenye karatasi zote, hata senti. Ankara ya sare 400 na hati ya kupokea ya sare 396 ni ankara itakayokaa mezani wiki nzima.

Ankara ya makadirio, ile unayoitoa kabla ya kupeleka mzigo, haifai. Ankara ya kazi inayolipwa kwa awamu ni ngumu, kwa sababu usipomaliza kazi mnunuzi anaweza kukataa kulipa hata awamu zilizotangulia. Ankara iliyopita tarehe yake kwa miezi mitatu nayo kwa kawaida hukataliwa, maana kuchelewa kiasi hicho huwa ni dalili ya ugomvi ambao haujasemwa.

Wakimpigia simu mnunuzi, wanamuuliza nini?

Maswali machache: mzigo umefika? Mnakubali mnadaiwa kiasi hiki? Kuna malalamiko, au kitu mtakachokata? Mtalipa lini, na mnaweza kulipa kwenye akaunti hii mpya? Simu hupigwa kwa namba iliyotafutwa na kampuni yenyewe, wala si ile uliyoiandika kwenye fomu, kwa sababu matapeli wengi huandika namba ya rafiki.

Mwambie mnunuzi mapema kwamba simu hiyo inakuja. Nimeona ankara nzuri ikikataliwa kwa sababu mhasibu wa mnunuzi alishtuka akajibu, "Sijui habari hizo."

Nipe hesabu. Nikipeleka ankara ya 1,000,000, napata ngapi?

Tuchukue fundi aliyeshona sare 400 kwa 2,500 kila moja. Ankara ni 1,000,000, muda wa kulipwa ni siku 60. Kampuni inampa asilimia 80 leo, inatoza asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya pesa iliyotolewa, na ada ya huduma ya asilimia 1.5 ya ankara nzima. Viwango hutofautiana sana, ila muundo huu ni wa kawaida.

Leo anapokea 800,000. Zile 200,000 zinazuiliwa. Siku ya 60 mnunuzi analipa 1,000,000 kwenye akaunti ya kampuni. Gharama ya pesa kwa miezi miwili ni 24,000, ada ya huduma ni 15,000, jumla 39,000. Kampuni inazikata kwenye zile 200,000 zilizozuiliwa na kumrudishia 161,000. Kwa jumla amepata 961,000.

Wengi husema, "Nimelipa asilimia 3.9 tu." Hapana. Alichotumia ni 800,000 kwa siku 60, na 39,000 juu ya 800,000 ni karibu asilimia 4.9 kwa miezi miwili, yaani kama asilimia 29 kwa mwaka. Na ankara ikiwa ya siku 30, gharama inakuwa 12,000 na ileile 15,000, jumla 27,000, ambayo kwa mwaka ni zaidi ya asilimia 40. Ada ya huduma haipungui kwa kuwa muda ni mfupi. Kwa hiyo ankara itakayolipwa baada ya wiki tatu usiiuze, isipokuwa pesa hiyo inakuokoa na hasara kubwa zaidi.

Kipimo cha kweli ni faida yako. Ikiwa fundi wetu anabakiwa na 80,000 katika oda hii, karibu nusu ya faida imekwenda. Akitumia zile 800,000 kununua kitambaa cha oda nyingine ambayo asingeiweza, huenda inafaa. Akizitumia kulipa madeni ya zamani, mwezi ujao atauza ankara nyingine kufunika shimo lilelile, na kila mara shimo litakuwa na 39,000 zaidi.

Mnunuzi akichelewa, au akikataa sehemu ya mzigo?

Turudi kwa fundi wetu. Siku ya 60 imepita, mnunuzi hajalipa. Siku ya 75 anaandika kwamba sare 60 vifungo vimeshonwa vibaya, anazirudisha. Siku ya 90 analipa 850,000, amekata 150,000.

Kampuni ya faktaringi inafanya hesabu yake. Iliyotolewa ni 800,000. Gharama ya miezi mitatu ni 36,000, ada 15,000. Jumla inadai 851,000, na imepokea 850,000. Salio lililozuiliwa limekwisha lote, na fundi bado anadaiwa 1,000. Amebaki na sare 60 za kurekebisha na hana hata senti ya kurekebishia.

Hapo ndipo unaona kwa nini asilimia 20 huzuiliwa. Haikuzuiliwa kwa ukatili. Ni kinga dhidi ya mizigo inayorudi, punguzo ambalo mnunuzi anajichukulia, na siku za kuchelewa. Wanunuzi wako wakiwa na tabia ya kukata kata ankara, kampuni itaiona kwenye kumbukumbu na kukupa asilimia 70 badala ya 80.

Mnunuzi akileta malalamiko, usinyamaze. Wasambazaji wengi huificha habari hiyo wakitumaini kuimaliza kimyakimya, huku gharama zikipanda siku hadi siku. Ungetoa krediti noti, yaani hati ya kupunguza kiasi cha ankara, ya 150,000 siku ileile ya 75 na kuomba mnunuzi alipe 850,000 mara moja, ungeokoa gharama za nusu mwezi, yaani 6,000. Si nyingi, ila zingetosha kulipa lile deni la 1,000 na bado zikabaki za vifungo.

Wananiambia mkataba ni "bila kurudiwa". Maana yake nikishauza sina wasiwasi tena?

Kuna aina mbili. Ya kwanza, mnunuzi asipolipa kampuni inakurudia wewe; unarudisha pesa, au inakata kwenye ankara nyingine. Ya pili ndiyo hiyo ya bila kurudiwa: kampuni inabeba hasara yenyewe, na inatoza zaidi kwa ajili hiyo.

Sasa soma kwa makini ni hasara ipi inabebwa. Karibu kila mara ni kufilisika kwa mnunuzi, na wakati mwingine kushindwa kwake kulipa kwa muda mrefu deni ambalo halina ubishi. Mnunuzi akisema sare ni mbovu, hiyo si kufilisika. Huo ni ubishi, na ubishi unarudi kwako hata kama juu ya mkataba pameandikwa "bila kurudiwa" kwa herufi nene. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi mbele ya dawati langu kwa kifungu hiki. Muulize afisa swali moja tu: "Mnunuzi akiwa na pesa lakini akakataa kulipa kwa kuusingizia mzigo, nani anabeba?" Na jibu alionyeshe kwenye kifungu, asikupe kwa mdomo.

Mkataba wangu na mnunuzi unakataza kuhamisha deni. Nimekwama?

Inategemea sheria inayotawala mkataba huo. Nchi mbalimbali zimeona kwamba kipengele hiki kinawaumiza wadogo. Mkataba wa kimataifa wa faktaringi uliosainiwa Ottawa mwaka 1988 ulikubali kwamba uhamisho wa deni unaweza kusimama hata pale wawili walipoukataza. Marekani, kifungu cha 9-406 cha sheria yao ya biashara hukipunguzia nguvu katazo la aina hiyo. Uingereza waliweka kanuni zinazolifuta, kwa mikataba mingi ya wasambazaji wadogo na wa kati iliyofungwa kuanzia tarehe 31 Desemba 2018. Kwingine katazo bado lina meno.

Lakini hata pale sheria inapokuruhusu, ukilazimisha unaweza kushinda kesi ukapoteza mteja. Njia bora ni kuomba ridhaa ya maandishi kwa oda hii peke yake. Wanunuzi wengi waliweka katazo hilo kwa hofu ya kulipa mara mbili, na wakiona notisi yenye akaunti moja iliyo wazi, hofu hupungua.

Benki yangu tayari ina dhamana juu ya biashara. Naweza kuuza ankara?

Toa mkataba wa mkopo usome. Dhamana inayofunika mali yote ya biashara, iliyopo na itakayokuja, kwa kawaida hugusa pia pesa unazodai watu. Hapo ankara zako tayari zimeshikwa, na kuziuza bila benki kujua ni kuweka dhamana moja mara mbili. Omba benki iandike barua ya kuziachia ankara zote, au za mnunuzi mmoja uliyemtaja. Barua hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo iombe kabla hujabanwa.

Na ankara moja isiende kwa makampuni mawili, hata kwa siku mbili ukisubiri kuona nani atakayejibu kwanza. Kosa hilo huitwa ulaghai, na halina maelezo yatakayokubalika.

Mnunuzi hatafikiri nimeishiwa?

Mnunuzi mkubwa ameshazizoea notisi hizi. Anayeshtuka ni yule aliyekuwa akikuchelewesha makusudi, kwa sababu sasa atafuatiliwa na mtu asiyemwonea haya.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi?

Mwulize mnunuzi mwenyewe kwanza. Fundi wetu angemwambia, "Lipa ndani ya siku 10, nikupunguzie asilimia 2," angepata 980,000 badala ya 961,000, na bila karatasi yoyote. Mnunuzi mwenye pesa zimelala benki anaweza kulipenda toleo hilo. Watu huogopa kuuliza, wakaenda kulipa karibu mara mbili kwingine.

Njia ya pili ni faktaringi inayoanzishwa na mnunuzi. Mnunuzi mkubwa anapatana na benki, kisha anaweka kwenye mfumo orodha ya ankara alizokwisha kuzikubali. Wewe unachagua kuiuza yako au kusubiri. Meksiko, benki ya maendeleo ya Nafin ilianzisha mpango wa aina hii mwaka 2001, ankara zikiuzwa kwa njia ya mtandao bila muuzaji kurudiwa. Gharama hushuka kwa sababu mbili: kipimo cha hatari ni mnunuzi mkubwa, na swali lile gumu la kama deni limekubaliwa limejibiwa kabla hujafika. Muulize mnunuzi wako kama ana mpango kama huo. Mara nyingi upo na ofisa manunuzi hajawahi kuutaja.

Vipengele gani kwenye mkataba vinauma baadaye?

Cha kwanza ni sharti la kuuza ankara zako zote. Ulitaka msaada kwa mnunuzi mmoja anayechelewa, sasa unatozwa ada hata kwa yule anayelipa ndani ya wiki. Cha pili ni kiwango cha chini cha ada kwa mwezi: biashara ikilala miezi miwili, unalipa ada ya ankara ambazo hukuziandika. Cha tatu ni notisi ya kutoka, ambayo inaweza kuwa miezi mingi, na siku ya kutoka unatakiwa kurudisha pesa zote zilizo nje kwa mkupuo.

Kipo na kikomo kwa mnunuzi mmoja. Kampuni inaweza kusema haitatoa pesa ikiwa mnunuzi mmoja anazidi, tuseme, asilimia 40 ya madeni yako yote. Msambazaji mdogo mara nyingi ana mnunuzi mmoja mkubwa anayebeba biashara nzima, hivyo kipengele hiki kinaweza kukunyima pesa palepale ulipozihitaji. Jadilianeni kabla ya kusaini. Baada ya hapo hakibadiliki kirahisi.

Nimeshauza ankara, lakini mnunuzi amekosea akalipa kwenye akaunti yangu. Nifanyeje?

Usiiguse pesa hiyo. Si yako tena, hata kama imeingia kwa jina lako na mishahara ni kesho. Siku hiyohiyo iandikie kampuni ya faktaringi, ambatisha taarifa ya benki inayoonyesha malipo, na uihamishe yote kwa kumbukumbu ya namba ya ankara ileile. Kisha mwandikie mhasibu wa mnunuzi, umtumie notisi upya, na umwombe abadilishe akaunti yako kwenye mfumo wao wa malipo. Kosa hili hutokea kwa sababu notisi ilipokelewa ofisi ya manunuzi na haikufika kwa anayetuma pesa. Kabla ya ankara inayofuata, mpigie huyo anayetuma pesa, umwombe akusomee namba ya akaunti anayoiona kwenye kioo chake, tarakimu kwa tarakimu.